Kabla ya kufunga akaunti ya Facebook: nakala ya picha na ujumbe ina nini, na inakosa nini

MTU anayefuta akaunti yake ya Facebook hubaki na siku 30 za kubadili mawazo. Zikishapita, picha alizopandisha na ujumbe alioutunza humo hauwezi kurudishwa tena, hata kwa kuandika barua ya maombi.

Kampuni ya Meta, inayomiliki mtandao huo, humruhusu kila mtumiaji kuchukua nakala ya vitu vyake kabla ya kuondoka. Huduma hiyo ilianza Oktoba 2010 na haina malipo. Hata hivyo, anayejaza fomu ya maombi bila kubadili chochote mara nyingi hupata nakala pungufu. Vitu vya miaka ya nyuma huwa havimo, picha huwa zimepunguzwa ubora, na mazungumzo ya karibuni hukosekana kabisa kwa sababu yanahifadhiwa mahali pengine.

Upungufu huo haugunduliki kwa kutazama faili lililofika, kwani hufunguka vizuri na kuonyesha mamia ya picha. Mwenye nalo hugundua baadaye, anapotafuta kitu fulani na kukikosa, na wakati huo akaunti imekwisha kufutwa.

Kusimamisha si kufuta

Facebook ina njia mbili za kuondoka. Ya kwanza ni kusimamisha akaunti kwa muda. Jina na ukurasa wa mtumiaji hufichwa, lakini picha na ujumbe hubaki, na Messenger inaweza kuendelea kutumika. Ya pili ni kufuta moja kwa moja.

Anayefuta huhesabiwa siku 30. Akiingia ndani ya muda huo na kuthibitisha kwamba anataka kurudi, ombi lake hubatilishwa. Muda ukipita, kazi ya kufuta huanza, na kampuni inasema kwamba inaweza kuchukua hadi siku 90 kumaliza kuondoa kila kitu katika mitambo yake. Siku hizo 90 si nafasi ya pili kwa mtumiaji. Ni muda wa kampuni kusafisha mitambo, na yeye hawezi tena kuingia.

Kufuta akaunti ya Facebook hufuta pia matumizi ya Messenger yaliyofungamana nayo. Ujumbe ambao mtu aliwatumia wengine hubaki katika sanduku lao, ila jina lake huondolewa. Kwa hiyo anayepoteza mazungumzo ni yule anayeondoka, na ndiye anayehitaji nakala.

Kujaza fomu ya maombi

Maombi hufanywa ndani ya akaunti yenyewe. Kwa anayetumia kurasa za Kiingereza, njia huanzia kwenye mipangilio, kisha «Accounts Center», kisha «Your information and permissions». Humo kuna kipengele kilichojulikana kwa miaka mingi kama «Download your information», ambacho sasa kwa watumiaji wengi kinasomeka «Export your information». Mtumiaji huchagua akaunti anayoitaka, akaeleza kwamba nakala ishushwe kwenye kifaa chake, kisha huulizwa maswali machache. Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua ubora wa nakala.

Swali la kwanza ni la kipindi. Jibu linalokuwa limekwisha wekwa tayari kwa kawaida ni mwaka mmoja uliopita. Mwenye akaunti ya tangu 2010 asipogusa sehemu hiyo ataletewa miezi 12 tu ya maisha yake. Anapaswa kuchagua «All time».

Swali la pili ni la ubora wa picha na video. Jibu lililowekwa tayari ni ubora wa kati. Kwa mtu anayefunga akaunti hakuna sababu ya kuchagua chochote chini ya ubora wa juu, kwani hatapata nafasi ya kuomba tena. Ni kweli kwamba faili litakuwa kubwa na litakula bando kwa wingi, lakini hilo linatatuliwa kwa kupakua ofisini, chuoni au mahali penye intaneti isiyopimwa.

Swali la tatu ni la muundo, nalo lina majibu mawili, HTML na JSON. Nakala ya HTML hufunguka katika kivinjari chochote kama kurasa za kawaida za tovuti, na ndiyo inayomfaa msomaji wa kawaida. Nakala ya JSON imetengenezwa kwa ajili ya programu za kompyuta. Binadamu anaweza kuisoma, lakini kwa taabu. Ujumbe mmoja ndani yake huonekana hivi:

```
"timestamp_ms": 1388534400000,
"content": "Asante \u00e2\u009d\u00a4"
```

Namba ndefu ya juu ni tarehe iliyohesabiwa kwa milisekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970. Hapa ni Januari 1, 2014, saa 9 usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Alama zinazofuata neno «Asante» ni picha ya moyo iliyovurugika. Hitilafu hii ya JSON ya Facebook ni ya miaka mingi: herufi zisizo za kawaida huandikwa vipande vipande. Kiswahili hakina herufi zenye alama juu, hivyo maneno husomeka na vikatuni pekee ndivyo huharibika. Mazungumzo ya Kifaransa au Kiarabu huharibika zaidi.

Baada ya maombi kutumwa, nakala haiji papo hapo. Mitambo ya kampuni huikusanya kwa muda unaotegemea wingi wa vitu, kuanzia dakika chache hadi siku kadhaa, kisha taarifa hutumwa kwa barua pepe. Tangu hapo faili hukaa tayari kwa siku 4 tu. Zikipita, hutoweka, na maombi yanapaswa kuanza upya. Anayeomba nakala wakati yuko safarini, au ambaye barua pepe iliyosajiliwa ni ya zamani na haifunguki, huweza kuikosa kwa njia hiyo.

Ndani ya faili

Kinachofika ni faili la zipu, na kwa akaunti kubwa huwa ni mafaili kadhaa. Yote yanapaswa kufunguliwa katika folda moja, kwa sababu ukurasa ulio katika faili la kwanza unaweza kuelekeza kwenye picha iliyo katika faili la tatu. Anayebofya kurasa bila kwanza kulifungua zipu, au aliyeyatenganisha mafaili, huona visanduku vitupu mahali pa picha na kudhani kwamba picha hazipo.

Mlango wa nakala ya HTML ni ukurasa uitwao `start_here.html`. Humo mna orodha ya sehemu zote. Sehemu kubwa kuliko nyingine huwa ni `your_facebook_activity`, yenye matangazo ya mtumiaji, maoni aliyoyaandika, albamu zake na folda ya `messages`. Ndani ya folda hiyo kila mazungumzo yana folda yake, yenye jina la mhusika na namba, pamoja na picha na sauti walizotumiana. Maneno ya pande zote mbili yamo. Ujumbe ambao mtumiaji aliufuta zamani haumo.

Mazungumzo marefu hukatwa katika kurasa za takriban ujumbe 10,000 kila moja. Ukurasa wa `message_1` ndio wenye ujumbe mpya zaidi, na namba inavyopanda ndivyo msomaji anavyorudi nyuma. Wengi hufungua ukurasa huo wa kwanza, wakaona unaanzia katikati ya urafiki, wakadhani kwamba ya mwanzo yamepotea.

Picha nazo zina tabia yake. Majina yake ni namba ndefu, na tarehe inayoonekana kwenye faili si ya siku iliyopigwa. Facebook huondoa ndani ya picha kumbukumbu za kamera inapopandishwa. Ndiyo maana anayezinakili picha hizo kwenye simu yake huzikuta zimepangwa zote chini ya siku moja, ile aliyozipakua. Tarehe ya kupandishwa pamoja na maneno yaliyoandikwa chini ya picha vimo katika kurasa za HTML. Kwa hiyo anayehifadhi picha peke yake na kutupa kurasa huwa ametupa historia yake.

Aidha, ubora wa juu katika fomu hauna maana ya picha halisi iliyotoka kwenye kamera. Facebook huzibana picha zinapopandishwa. Kabla ya mwishoni mwa 2010 upande mrefu wa picha haukuzidi nukta 720, na mwaka huo ukaongezwa hadi 2,048. Picha ya mwaka 2008 itarudi ikiwa ndogo, na hakuna jibu katika fomu litakaloikuza. Mwenye kamera au simu ya zamani asiitupe kwa kutegemea nakala hii.

Kumbukumbu ambazo mtumiaji hakuziandika

Zaidi ya picha na ujumbe, nakala huwa na orodha ya vifaa vilivyotumika kuingia katika akaunti, tarehe na anwani za intaneti, mambo yaliyotafutwa, namba za watu alizoziruhusu zichukuliwe kutoka kwenye simu, na majina ya watangazaji waliopeleka orodha zenye mawasiliano yake. Imo pia sehemu ya tovuti na programu nyingine zilizoijulisha Meta kwamba mtu huyo alizitembelea.

Mwaka 2011 mwanafunzi wa sheria kutoka Austria, Max Schrems, aliitaka Facebook impatie kila ilichonacho kumhusu. Alipata kurasa zaidi ya 1,200, zikiwamo za vitu alivyodhani amevifuta. Machi 2018, kufuatia kashfa ya kampuni ya Cambridge Analytica, watu wengi walipakua nakala zao, na baadhi ya wenye simu za Android wakakuta orodha ya simu walizopiga na ujumbe mfupi waliotuma. Facebook ilijibu kwamba orodha hizo zilichukuliwa kwa wale walioruhusu.

Kwa sababu hiyo faili hili si la kuachwa kwenye kompyuta ya duka la intaneti wala kutumwa kwa jirani mwenye mashine nzuri ili amfungulie mwenzake. Limebeba namba na maneno ya watu ambao hawakuombwa ruhusa, na anayelipata hahitaji neno la siri kulisoma.

Mazungumzo yasiyokuja na nakala

Tatizo kubwa zaidi lilianza Desemba 2023. Mwezi huo Meta ilitangaza kwamba mazungumzo ya watu wawili katika Messenger yataanza kufungwa kwa usimbaji wa mwanzo hadi mwisho bila mtumiaji kuomba. Kazi ya kuwahamisha watumiaji ilichukua miezi. Katika utaratibu huo ujumbe hufungwa kwenye simu ya mtumaji na kufunguliwa kwenye simu ya mpokeaji, na kampuni iliyo katikati haiwezi kuusoma.

Kwa kuwa haiwezi kuusoma, haiwezi pia kuuweka katika nakala ya kawaida. Matokeo yake ni kwamba mazungumzo yaliyomo hukoma siku yalipohamishwa. Sehemu ya kabla ya hapo mara nyingi haimo katika folda ya `inbox`, ambako mtu angeitafuta, bali katika folda jirani iitwayo `e2ee_cutover`.

Ujumbe uliosimbwa hupakuliwa kwa maombi ya pekee. Mtumiaji huingia Facebook kwa kompyuta, hufungua mipangilio ya Messenger, hufuata «Privacy & safety», kisha «End-to-end encrypted chats», kisha «Message storage», na humo huchagua «Download secure storage data». Anachopata ni faili jingine la zipu, lenye muundo wa JSON.

Njia hiyo ina sharti moja. Hifadhi salama ya ujumbe iwe imewashwa, na kompyuta hiyo iwe imefunguliwa hifadhi hiyo, kwa kawaida kwa namba ya siri ya tarakimu 6 ambayo mtumiaji aliiweka alipohamishwa. Wengi waliiweka kwa haraka na hawaikumbuki. Aliyeisahau asikimbilie kuianzisha hifadhi upya kwenye kompyuta ngeni, kwani kufanya hivyo kunaweza kufuta historia yote. Aanzie kwenye simu ambayo bado inaonyesha mazungumzo, abadili namba hiyo hapo, kisha arudi kwenye kompyuta. Kama hifadhi haikuwashwa kabisa, ujumbe uko ndani ya simu peke yake, na njia iliyobaki ni kupiga picha za kioo, ukurasa kwa ukurasa.

Mfano wa fundi wa Morogoro

Tuchukue mfano wa fundi cherehani wa Morogoro aliyefungua akaunti mwaka 2010. Tangu 2012 amekuwa akiandikiana na kaka yake aliyefanya kazi Muscat, nchini Omani, hadi kaka huyo alipofariki mwaka 2025. Sasa fundi anataka kuondoka Facebook, lakini maneno ya marehemu na picha za mishono yake ya kwanza anataka vibaki.

Akiomba nakala bila kubadili fomu, atapata mwaka wa mwisho tu: picha chache, na kwa kaka yake hakuna chochote, kwa sababu ya mwaka huo yote yamesimbwa. Akichagua miaka yote, ubora wa juu na HTML, sehemu kubwa hurudi. Akitazama `inbox` hamuoni kaka yake. Akifungua `e2ee_cutover` humkuta. Kama hadi siku ya kuhamishwa walikuwa wameandikiana mara 23,000, atakuta kurasa tatu: `message_1` na `message_2` zenye ujumbe 10,000 kila moja, na `message_3` yenye 3,000 za mwanzo kabisa, za mwaka 2012.

Anaposoma `message_1` hadi mwisho wake wa karibuni huona tarehe ya, tuseme, Februari 2024. Kaka alifariki mwaka 2025. Pengo hilo la tarehe ndilo linalomwambia kwamba nakala haijakamilika, na kwamba miezi ya mwisho ya maneno yao imo katika hifadhi salama. Analipakua faili la pili, na hapo ndipo mazungumzo yanapofika mwisho wake halisi.

Bado kuna vitu viwili ambavyo havitakuja. Picha za harusi zilizopandishwa na shangazi, hata kama fundi na kaka yake wametajwa humo kwa majina, ni mali ya akaunti ya shangazi. Itabidi azihifadhi moja moja, au amwombe shangazi amtumie. Vilevile, salamu za pole zilizoandikwa na watu chini ya tangazo la msiba mara nyingi hazimo katika nakala, au zimo kwa sehemu tu. Hizo anapaswa kufungua tangazo lenyewe, aonyeshe maoni yote, kisha auhifadhi ukurasa kutoka kwenye kivinjari kama hati ya PDF.

Kuhakiki kabla ya kufuta

Ukaguzi wa nakala hauchukui zaidi ya nusu saa, na unapaswa kufanyika akaunti ikiwa bado hai. Kwanza, kila faili la zipu lifunguliwe hadi mwisho. Linalokataa limekatika wakati wa kupakua, na linaweza kuchukuliwa tena ndani ya zile siku 4. Pili, itafutwe picha ya kwanza kabisa aliyowahi kuipandisha mwenye akaunti, ifunguliwe, na ilinganishwe na iliyo kwenye ukurasa wake. Tatu, yachaguliwe mazungumzo mawili au matatu yenye thamani, na itazamwe tarehe ya ujumbe wa kwanza na wa mwisho katika kila moja.

Yakishapita hayo, nakala iwekwe mahali pawili tofauti, kwa mfano kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje. Kabla ya hatua ya mwisho, mtumiaji akumbuke pia programu nyingine anazoingia kwa kutumia Facebook, azibadilishie njia ya kuingia, la sivyo zitamfungia mlango siku hiyohiyo.

Hapo ndipo anaweza kurudi «Accounts Center», kwenye «Personal details», kisha «Account ownership and control», na kuchagua «Deactivation or deletion». Siku 30 zitaanza kuhesabiwa. Akigundua ndani yake kwamba kuna mazungumzo aliyoyasahau, itambidi abatilishe ombi ndipo ayapakue, na hesabu ya siku itaanza upya atakapofuta tena.